Mama wa Rungwe Mpya Mezani Bologna

Akina mama tuliozoea kupika tunajua jinsi ya kumkaribisha mgeni mezani. Linalotushinda mara nyingi ni kuwa wageni sisi wenyewe, tena mahali ambapo hatuna hata neno moja la kuombea chakula. Mwezi huu tunawaletea habari za mama mmoja wa Rungwe Mpya, wilaya ya Kasulu, ambaye alikwenda Italia kumsaidia binti yake aliyekuwa anajifungua. Alitukaribisha nyumbani kwake kwa ugali wa muhogo na migebuka, kisha akatuletea daftari dogo la shule lenye jalada lililochakaa. Ndani yake mlikuwa na maneno ya Kiitaliano yasiyozidi ishirini. Alituambia kwamba maneno hayo aliyatafuta baada ya kula, bila kujua, kitu ambacho hajawahi kukila maisha yake yote.

Binti yake anasoma Bologna, mji wa kaskazini mwa Italia wenye chuo kikuu kinachohesabiwa kuwa kilianza mwaka 1088. Mtoto wa kwanza wa binti huyo, mvulana wa miaka 5, alikuwa amelelewa na bibi yake hapo Rungwe Mpya, na safari hiyo bibi alikwenda naye ili akamwone mdogo wake. Siku ya tatu baada ya kufika, binti alilazwa hospitali ya uzazi na mume wake akawa huko naye. Bibi na mjukuu walibaki katika nyumba ya ghorofa ambayo jiko lake hakujua hata kuliwasha. Mkwewe alimwachia fedha na kumwonyesha mgahawa wa familia ulio mtaa huohuo. Baba ndiye anayehudumia meza, mama yuko jikoni.

Walikwenda saa kumi jioni, wakakuta mlango umefungwa na kibao kimeandikwa "chiuso", yaani pamefungwa. Hilo si la ajabu huko. Migahawa mingi ya namna hiyo hupika chakula cha mchana kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane na nusu hivi, kisha hufunga hadi saa moja au moja na nusu ya usiku. Mwenye mtoto mdogo na abebe ndizi au mkate katika mkoba.

Kesho yake mchana walirudi. Mama huyu, ambaye kwa imani yake hali nguruwe, aliangalia menyu na hakuelewa kitu. Akaona watu wa meza ya jirani wanakula supu safi yenye vitu vidogo kama sambusa zilizofungwa kwenye kidole. Mjukuu alizipenda kwa macho. Akanyoosha kidole, mhudumu akatabasamu, zikaletwa bakuli mbili. Wakala wote wawili, na mtoto akanywa supu hadi tone la mwisho. Jioni, hospitalini, alimweleza binti yake alichokula. Binti alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, hizo ni tortellini. Ndani yake ni nguruwe."

Alituambia kwamba usiku ule hakulala vizuri. Aliyempokea hakumdanganya. Mhudumu alimpa alichoonyesha kwa kidole. Kilichokosekana ni swali moja, na hakuwa na maneno ya kuliuliza.

Herufi moja kati ya vyakula viwili

Tukaona tuanze hapa, maana hapa pana jambo la kujua kwa kila mama atakayekaa mezani katika mji ule. Tortellini za Bologna zina utaratibu wake unaojulikana. Mwaka 1974 maelezo ya kujaza tortellini yaliwekwa rasmi katika Chemba ya Biashara ya mji huo, na ndani yake mna nyama ya mgongo ya nguruwe, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, soseji kubwa ya nguruwe iitwayo mortadella, jibini kavu, mayai na kungumanga. Ukihesabu, nguruwe yumo mara tatu. Hata mchuzi wa nyama unaotiwa juu ya tambi, uitwao "ragù" (soma: ragú), maelezo yake yaliyowekwa hapohapo mwaka 1982 yana nyama ya ng'ombe pamoja na nyama ya tumbo la nguruwe, na divai pia. Kwa hiyo anayedhani kwamba tambi kwa mchuzi wa nyama ni nyama ya ng'ombe tu anaweza kukosea bila mtu yeyote kumdanganya.

Lakini menyu ileile huwa na chakula kingine ambacho jina lake linatofautiana na lile kwa herufi moja tu. Huitwa tortelloni. Hizi ni kubwa zaidi, na kwa desturi ya Bologna ndani yake hutiwa jibini laini nyeupe pamoja na majani mabichi yaliyokatwakatwa. Huletwa zikiwa zimepakwa siagi na jani moja lenye harufu nzuri, na kwenye menyu huandikwa "tortelloni burro e salvia". Ukiona "burro", usishtuke, ni siagi. Tortellini kwa i, mna nguruwe. Tortelloni kwa o, mna jibini. Bahati ni kwamba herufi hiyo ndiyo inayobeba mkazo wa neno, kwa hiyo mhudumu ataisikia vizuri ukiitamka kama unavyotamka Kiswahili: tor-te-LO-ni.

Hata hivyo, kutegemea herufi moja ni hatari, na kila mgahawa una mkono wake. Ndiyo maana sentensi ya kwanza katika daftari la mama huyu, iliyopigiwa mistari miwili, ni hii: "Non mangio maiale" (soma: non manjo maiale). Maana yake ni sili nguruwe. Isemwe mapema, mara tu mhudumu anapokuja na karatasi yake, kabla ya kuchagua chochote. Akishaisikia, mhudumu mwenyewe ataanza kuonyesha kwa kidole vinavyofaa na kutikisa kichwa kwa visivyofaa.

Swali lenyewe ni fupi zaidi: "C'è maiale?" Yaani, mna nguruwe? Lisomwe "che maiale", kama che ya chakula cha mchana. Hapa mama yetu alicheka hadi akashika mbavu, kwa sababu alipolijaribu mara ya kwanza mbele ya mkwewe alilisoma "ke maiale". Kiitaliano kina neno jingine linaloandikwa "che" na kusomwa "ke", na ukisema "ke maiale" mbele ya mtu umesema: nguruwe gani huyu! Mkwe alimsihi asiende mgahawani kabla hajalirekebisha.

Wengine hudhani inatosha kusema "senza carne" (soma: sentsa karne), yaani bila nyama. Haitoshi. Wapo watu huko ambao kwao neno nyama ni kipande kilichopikwa, na vipande vyembamba vya paja lililokaushwa wanaviona kama kitoweo tu cha kutia ladha. Ni afadhali kumtaja nguruwe kwa jina lake: "senza maiale".

Ulimi wetu na maandishi yao

Jambo moja lilimtia moyo mama huyu, nasi tulilipima wenyewe tukaona ni kweli. Irabu za Kiitaliano ni a, e, i, o, u zilezile za Kiswahili, na maneno mengi huwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyofanya sisi. Ambapo mkazo uko mwisho, huandikwa alama juu ya irabu, kama katika "caffè" (soma: kafé). Anayesoma Kiswahili barabara tayari amemaliza nusu ya kazi. Ndugu zetu wa Malindi na Watamu, katika pwani ya Kenya, ni ushahidi. Waitaliano walifika huko miaka ya 1960 na mradi wao wa San Marco wa kurusha vyombo vya angani kutoka jukwaa la baharini, na setilaiti ya kwanza kurushwa hapo ilipaa mwaka 1967. Baada yao wakaja watalii na wenye migahawa. Leo wapo wahudumu na wauza matunda wa pale wanaozungumza Kiitaliano ambao hawakukisoma darasani hata siku moja.

Kazi iliyobaki iko kwenye konsonanti chache. Herufi c mbele ya e na i husomwa ch yetu, lakini wakiandika ch wao husoma k. Ni kinyume kabisa cha Kiswahili, na ndilo shimo alilotumbukia mama yetu. Kwa hiyo lile neno la mlangoni, "chiuso", husomwa kiuzo. Herufi g mbele ya e na i husomwa j, hivyo "formaggio", jibini, ni formajo. Gn ni ny yetu ya nyumba. Sc mbele ya e na i ni sh, na "pesce", samaki, husomwa peshe.

Konsonanti zikiandikwa mbili, zivute kidogo, kama unavyovuta n unapohesabu nne. Hili tunalisema kwa sababu kuna aina ya tambi fupi iitwayo "penne", ambayo ikitamkwa kwa n moja inakuwa jina la kitu ambacho mama hakitaji mezani. Tusiseme zaidi.

Na sisi wa nyanda za juu za Kigoma tuna letu. Ndimi zetu nyingi hupenda kubadilishana r na l, na nyumbani hakuna anayejali. Kwa Kiitaliano "pollo" ni kuku, lakini "porro" ni jani la jamii ya vitunguu. "Mare" ni bahari, na vyakula vya baharini hutajwa kwa neno hilo, lakini "male" ni vibaya au maumivu. Mama huyu alituambia alijizoeza kwa kusema "pollo, pollo, pollo" akiwa anafua nepi za mjukuu mchanga, hadi binti akamwomba anyamaze.

Jinsi alivyorudi mgahawani

Siku tano baadaye binti alikuwa amerudi nyumbani na mtoto wa kike, lakini bado amelala kitandani. Bibi alimchukua mjukuu wake mkubwa, akaweka daftari kwenye mkoba, akarudi kwenye mgahawa uleule. Tulimwomba atueleze neno kwa neno.

Alipoingia alisema "Buongiorno" (soma: buonjorno). Hiyo ni salamu ya mchana. Jioni husemwa "Buonasera" (soma: buonasera). Neno "ciao" ambalo wengi wetu tumelisikia ni la marafiki na watoto. Mwanamke mgeni akimwambia mhudumu mtu mzima "ciao" ni kama kijana anayempita mzee wake na kumwambia mambo. Kiitaliano nacho kina adabu yake, ingawa hakina shikamoo. Kisha akasema "Siamo in due" (soma: siamo in due), tuko wawili, na kusubiri aonyeshwe meza. Hawapendi mtu akichagua meza mwenyewe.

Mezani mkate hufika bila kuombwa. Mama alidhani ni wa bure. Kwenye bili mara nyingi huwa na mstari ulioandikwa "coperto" (soma: koperto), yaani malipo ya kukaa mezani, kwa kila kichwa, na mkate umo humo. Hapo palikuwa yuro 2 kwa mtu mmoja. Si ulaghai, mradi kiasi chake kimeandikwa kwenye menyu, nawe usisite kukitafuta kabla ya kuagiza.

Maji nayo huulizwa. Mhudumu alimwambia "Naturale o frizzante?" na mara ya kwanza, wiki iliyotangulia, aliitikia kwa kichwa tu akaletewa maji yenye gesi ambayo mtoto aliyatema. Safari hii alisema "Acqua naturale, per favore" (soma: akwa naturale, per favore). Naturale ni maji ya kawaida, frizzante ni yenye gesi, na "per favore" ni tafadhali.

Kisha ikafika zamu ya kuagiza. Vitabu vingi hufundisha "vorrei" (soma: vorei), yaani ningependa, nalo ni zuri. Lakini mama yetu alisikia kwamba Waitaliano wenyewe mezani husema tu "Per me", kwangu mimi, kisha wanataja chakula. Akaona hilo ndilo jepesi. Aseme "voglio", nataka? Hapana, linasikika kama amri, na binti alimkataza. Akasema: "Non mangio maiale. Per me, tortelloni burro e salvia. C'è maiale?" Mhudumu akajibu "No, no, signora, non c'è", hamna. Hapo, alituambia, alihisi mabega yake yakishuka.

Kwa mtoto alisema: "Per il bambino, mezza porzione, penne al pomodoro" (soma: per il bambino, medza portsione, penne al pomodoro). Mezza porzione ni nusu sahani, na mgahawa wa familia aghalabu hukubali ingawa haijaandikwa kwenye menyu. Pomodoro ni nyanya. Kwa mtoto asiyetaka mchuzi wowote kuna "pasta in bianco" (soma: pasta in bianko), tambi nyeupe zenye siagi au mafuta tu, na hakuna mhudumu atakayeshangaa, kwa maana watoto wao nao hula hivyohivyo. Kwa mdogo zaidi, kiti kirefu cha mtoto huitwa "seggiolone" (soma: sejolone).

Sasa linakuja jambo ambalo huwapata karibu wageni wote kutoka kwetu. Kwetu sahani moja hubeba ugali, mboga na kitoweo. Kwao vinatenganishwa. Kuna sahani ya kwanza, "primo", ambayo ni tambi, wali au supu. Kuna ya pili, "secondo" (soma: sekondo), ambayo ni nyama au samaki peke yake, hata kiazi kimoja hakipo pembeni. Mboga huagizwa kwa jina lake, huitwa "contorno" (soma: kontorno), na hulipiwa mbali. Anayeagiza kuku akasubiri vya kulia kuku huyo atasubiri mpaka apoe. Huhitaji kuagiza vyote; sahani moja ya tambi na contorno moja huwashibisha wengi. Mama yetu alipitisha kidole kwenye orodha ya contorno akakuta "spinaci" (soma: spinachi), "patate", na chini yake "fagioli" (soma: fajoli). Hili binti alikuwa amemwandikia: maharage. Mtu wa Kasulu akutane na maharage Bologna! Akasema, "Un contorno di fagioli, per favore." Yaliletwa yakiwa yamechemshwa na kutiwa mafuta ya zeituni, bila nazi wala mawese. Alisema yalihitaji chumvi, na chumvi nayo kwa Kiitaliano ni "sale", akaiomba, akapewa.

Tukitaja viungo, angalizo moja. "Peperoni" kwao ni pilipili hoho, haziwashi. Kinachowasha ni "peperoncino" (soma: peperonchino). Kwa mtoto sema "senza peperoncino".

Chai, na neno linalotatanisha

Baada ya chakula mama alitaka chai ya maziwa. Ukiomba "un caffè" utaletewa kikombe kidogo kama kofia ya yai, chenye kahawa nzito kijiko viwili vitatu. Watu wa Kigoma tunaolima kahawa tusidharau, ndivyo wanavyoipenda. Ukiomba "latte" peke yake utaletewa glasi ya maziwa matupu, kwa sababu hilo ndilo neno la maziwa. Chai ni "tè" (soma: te). Lakini ukisema "tè con latte" huenda maziwa yakaja baridi kwenye kijagi kidogo. Sema "tè con latte caldo" (soma: te kon latte kaldo).

Hapo kwenye "caldo" waliosoma Kiingereza kidogo hujikwaa kuliko wasiokijua kabisa. Masikio yao yanasikia neno la Kiingereza la baridi, kumbe caldo ni moto. Baridi kwao ni "freddo". Mama yetu, ambaye hakukaa sana na Kiingereza, hakupata taabu hiyo, na alilisema kwa fahari kidogo.

Kushukuru na kuondoka

Katikati ya kula mhudumu hupita na kuuliza "Tutto bene?", kila kitu ni sawa? Jibu ni "Tutto bene, grazie". Neno "grazie" ni asante, na husomwa gratsie, silabi zote, pamoja na e ya mwisho ambayo wageni wengi huimeza. Ukiletewa mkate zaidi nawe umeshiba, sema "Basta così, grazie" (soma: basta kozí), inatosha hivi, asante. Tulifurahi kuona basta yao inavyokaribiana na basi yetu mdomoni na kwa maana.

Mhudumu atajibu asante yako kwa "Prego" (soma: prego). Neno hili lilimchanganya mama kwa siku kadhaa, kwa kuwa alilisikia kila mahali: mlangoni alipoingia, mezani mhudumu alipokuwa tayari kuandika, sahani ilipowekwa, hata dukani mtu alipompisha. Mwishowe alilielewa kwa neno moja la kwetu. Ni karibu. Karibu ndani, karibu uagize, karibu ule, na karibu ya kumjibu anayeshukuru. Tangu hapo hakulisahau.

Bili haiji yenyewe. Mama na mjukuu walikaa mbele ya sahani tupu kwa nusu saa siku ile ya kwanza, wakidhani wamesahauliwa, na mtoto akasinzia mezani. Kwao kumletea mgeni bili kabla hajaiomba ni kama kumfukuza. Yakupasa umtazame mhudumu, uinue mkono kidogo, useme "Mi scusi" (soma: mi skuzi), samahani, kwa namna ya heshima, kisha "Il conto, per favore" (soma: il konto). Usipige mluzi wala kugonga glasi kwa kijiko.

Alituonyesha bili yenyewe, imekunjwa ndani ya daftari. Coperto kwa watu wawili, yuro 4. Tortelloni, 12. Nusu sahani ya penne, 6. Maharage, 5. Maji, 2.50. Chai na maziwa yake, 2.50. Jumla yuro 32. Alipiga hesabu kwa vidole mbele ya mhudumu, bila haraka, na mhudumu alisubiri. Bakshishi haikulazimishwa, huko mhudumu ana mshahara wake, na anayeacha sarafu moja au mbili anaziacha kwa hiari. Mama aliacha yuro moja mezani, kisha mjukuu akairudisha mkononi mwake akidhani bibi ameisahau. Ikabidi iwekwe mara ya pili.

Sentensi ya mwisho katika daftari ni "Complimenti alla cuoca" (soma: komplimenti ala kwoka). Ni pongezi kwa mpishi mwanamke. Kama mpishi ni mwanamume husemwa "al cuoco". Binti alimwandikia hiyo akijua kwamba jikoni yuko mama mwenye nyumba, ambaye hukanda unga na mayai mwenyewe asubuhi na kuusukuma kwa mti mrefu mpaka uwe mwembamba kama kitambaa. Mama wa Rungwe Mpya aliisoma polepole, kidole juu ya daftari, akiwa amesimama karibu na mlango. Mhudumu akageuka, akaita kitu kuelekea jikoni. Akatoka mwanamke wa umri wake, mikono nyeupe kwa unga hadi viwikoni. Alisema maneno mengi ambayo hayakuwa kwenye daftari. Mama yetu hakuelewa hata moja isipokuwa neno la mwisho, na hilo akalijibu vizuri.

"Grazie, signora," alisema mpishi.

"Prego," akajibu.